Kabla ya kubonyeza "Turn on": jinsi ya kusoma ukurasa wa uthibitishaji wa hatua mbili wa Google

Mwongozo huu unahusu akaunti ya Google, yaani ile uliyoiweka kwenye simu ya Android ili upate Gmail, picha zako na programu za Play Store. Majina ya vitufe nimeyaacha kwa Kiingereza kwa kuwa simu nyingi ndivyo zinavyoyaonyesha. Kama simu yako imewekwa Kiswahili, mpangilio ni uleule na utavitambua kwa nafasi yake.

Fungua kivinjari, andika `myaccount.google.com`, kisha ingia sehemu ya "Security". Kwenye baadhi ya simu sasa inaitwa "Security & sign-in". Shuka hadi "How you sign in to Google". Hapo kuna orodha fupi: nenosiri, uthibitishaji wa hatua mbili, namba ya simu ya kurejesha akaunti, barua pepe ya kurejesha akaunti na mengineyo. Usiguse "2-Step Verification" kwanza, na usishtuke ukikuta tayari imeandikwa kwamba imewashwa. Mwaka 2021 Google walianza kuwawashia watumiaji wengi wenyewe. Aliyekuta imeshawashwa ndiye hasa anayepaswa kusoma kwa makini, maana hakuchagua chochote kati ya vilivyomo.

Swali la kubeba kichwani muda wote uwapo kwenye kurasa hizi ni moja: simu hii ikiibiwa leo jioni pamoja na laini yake, ni njia ipi kati ya hizi itakayobaki mkononi mwangu?

Anza na nenosiri na mambo mawili ya kurejesha akaunti

Hatua mbili maana yake ni nenosiri, halafu uthibitisho wa pili juu yake. Kwa hiyo nenosiri lazima ulijue. Linaonekana jambo dogo, lakini kwetu si dogo hata kidogo. Watu wengi akaunti yao ya kwanza walitengenezewa dukani siku waliyonunua simu. Kijana wa duka aliandika jina, akaweka nenosiri alilolizoea yeye, simu ikakubali na kila mtu akaenda zake. Miaka mitatu baadaye mwenye simu hajawahi kuulizwa nenosiri hata mara moja, kwa sababu simu humkumbuka. Mtu wa namna hii akiwasha hatua mbili, amefunga komeo la pili kwenye mlango ambao hata komeo la kwanza hana ufunguo wake.

Jipime hivi. Chukua kompyuta au simu ya mtu wa nyumbani, fungua dirisha la faragha, lile linaloitwa "Incognito" kwenye Chrome, na ujaribu kuingia kwenye akaunti yako kwa kuandika nenosiri kwa mkono. Ukiingia, vizuri, toka. Ukishindwa, libadilishe sasa ukiwa bado umeingia kwenye simu yako, kisha ujaribu tena.

Baada ya hapo tazama "Recovery phone" na "Recovery email". Hizi mbili ni kitu tofauti na hatua ya pili, na hapa ndipo wengi huchanganya. Hatua ya pili hutumika kila unapoingia kwenye kifaa kipya. Namba na barua pepe za kurejesha hutumika pale unaposhindwa kuingia kabisa, ukabonyeza kwamba umesahau nenosiri au huna njia nyingine, na Google wakataka kujua kama kweli ni wewe. Namba ya simu inaweza kuwepo sehemu moja na isiwepo nyingine. Ukibadilisha laini, unapaswa kubadilisha kote kuwili.

Kwenye "Recovery phone" kagua tarakimu zote, si zile mbili za mwisho tu. Unaweza kukuta namba ya kijana wa duka. Unaweza kukuta laini uliyoiacha ulipohama mtandao. Hiyo ya pili ni hatari kuliko inavyoonekana: laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, na namba yake huweza kuuzwa upya kwa mtu usiyemjua. Huyo mtu hatajua chochote, lakini meseji zako za Google zitaanza kuingia kwake. Ukibadilisha namba hapa, jua kwamba kwa siku 7 Google wanaweza bado kukupa chaguo la kupokea namba ya uthibitisho kwenye ile ya zamani. Mpango huo upo ili kumsaidia aliyebadilishiwa namba na mwizi. Kwa hiyo usifanye kazi hii siku moja kabla ya safari, ifanye wiki moja kabla.

Kwenye "Recovery email" jiulize jambo moja zaidi: hiyo barua pepe nyingine, nayo utaifungua vipi? Kama nenosiri lake limehifadhiwa kwenye simu hiihii tu, au nayo hutuma uthibitisho kwa laini hiihii, basi haijakuongezea kitu. Ni afadhali uweke anwani ya mwenzi wako, ndugu au mtoto mkubwa unayemwamini, kwa makubaliano ya wazi kwamba namba ikiingia kwake atakusomea wewe peke yako, tena baada ya kuisikia sauti yako.

Sasa fungua "2-Step Verification" na usome kila mstari

Utaona kitufe cha kuwasha na chini yake orodha ya njia za hatua ya pili. Zinavyopangwa hutofautiana kidogo kutoka akaunti hadi akaunti, lakini kwa kawaida ni hizi.

"Google prompt" ni ile skrini inayotokea yenyewe kwenye simu yako ikiuliza kama ni wewe unayejaribu kuingia, ukabonyeza ndiyo au hapana. Wakati mwingine hukuonyesha namba kwenye kompyuta na kukutaka uchague ileile kwenye simu. Huhitaji kuisajili: simu yoyote ya Android uliyoingia nayo kwenye akaunti huhesabiwa. Inahitaji intaneti, kwa hiyo bando likiisha haifiki. Na kwa kuwa simu yoyote uliyoingia nayo huhesabiwa, ile simu ya zamani uliyomwachia mdogo wako bila kuifuta nayo itauliza. Atabonyeza ndiyo ili skrini imwondokee. Nenda "Your devices", palepale kwenye "Security", uitoe.

"Phone number" ni meseji au simu yenye tarakimu 6. Haihitaji bando, inahitaji mtandao wa simu na laini iliyo hai. Udhaifu wake uko kwenye laini yenyewe. Mwizi asiyeweza kufungua skrini yako anaweza kuchomoa laini, akaiweka kwenye simu yake ndogo na kupokea meseji zako zote. Dawa ni kuweka namba ya siri ya laini, tofauti na ile ya skrini. Tafuta kwenye mipangilio ya usalama ya simu sehemu ya kufunga kadi ya laini. Uliza kwanza kwa mtandao wako namba iliyopo sasa ni ipi, usibahatishe: ukikosea mara 3 laini hudai namba ya PUK, na ukikosea PUK mara 10 laini inakufa moja kwa moja. Pia zuia meseji zisionekane kwenye skrini iliyofungwa, la sivyo mwizi hahitaji hata kuchomoa laini.

"Authenticator" ni programu inayotoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30. Wakati wa kuisajili unaskani mchoro wa vidoti vyeusi, ambao ndani yake kuna siri ndefu ya herufi na namba. Tangu hapo simu hukokotoa tarakimu zenyewe kwa kutumia siri hiyo na saa. Ndiyo maana hufanya kazi bila mtandao wowote, ndani kabisa ya kijiji au ndani ya ndege, na ndiyo maana pia hukataliwa saa ya simu ikiwa mbele au nyuma kwa dakika kadhaa. Ukiona tarakimu zako sahihi zinakataliwa mfululizo, rudisha saa ya simu kwenye kujiseti yenyewe kabla ya kuhangaika na lolote lingine. Kwa Waswahili walioko Muscat, Dubai au London waliobakiwa na laini ya nyumbani isiyoshika mtandao, njia hii ni bora mara nyingi kuliko meseji.

Ina mtego mmoja. Tangu Aprili 2023 programu ya Google Authenticator inaweza kuhifadhi siri zake ndani ya akaunti yako ya Google, ili ukinunua simu mpya zirudi zenyewe. Ni jambo jema kwa akaunti zako nyingine. Kwa akaunti ya Google yenyewe halikusaidii: ili upate tarakimu lazima uingie, na ili uingie lazima uwe na tarakimu.

"Passkeys and security keys" ni kuingia kwa alama ya kidole au namba ya kufungulia skrini, au kwa kifaa kidogo kinachochomekwa. Ni njia imara, hasa dhidi ya tovuti bandia. Usiitegemee pekee kama simu uliyonayo ni moja tu.

Na mwisho, "Backup codes". Hizi ndizo namba za akiba.

Namba za akiba zilivyo

Google hutoa seti ya namba 10, kila moja ina tarakimu 8, mara nyingi zikiandikwa nne nne zenye nafasi katikati. Kila moja hufanya kazi mara moja tu, kisha inakufa. Hazina muda wa dakika kadhaa kama zile za meseji, hukaa hadi uzitumie au utoe seti mpya. Ukitoa seti mpya, zote za zamani zilizobaki hufutika pale pale. Hilo ni la kuzingatia, kwa sababu mtu hurudi baada ya mwaka, akabonyeza kutoa mpya ili "aone tu", akafunga ukurasa, na karatasi iliyoko kabatini ikawa haina thamani bila yeye kujua.

Ukikuta sehemu hiyo haifunguki kabla ya kuwasha, si kosa. Maana yake ni kwamba kuwasha na kuzichukua ni kazi ya kikao kimoja. Usiwashe ukiwa kwenye daladala ukasema karatasi utaandika jioni.

Kwenye ukurasa kuna chaguo la kuzipakua kama faili la maandishi na la kuzichapisha. Kupakua kwenye simu ileile ndilo kosa la kawaida kuliko yote: faili linaingia kwenye folda ya "Download" na huibiwa pamoja na simu. Kupiga picha ya skrini ni baya zaidi, kwa sababu picha hupanda Google Photos, ndani ya akaunti ileile. Kujitumia kwa Gmail ni hivyohivyo. Ziandike kwa kalamu, kwa mwandiko unaotofautisha 1 na 7, kisha zisome tena tarakimu moja moja ukilinganisha na skrini. Andika tarehe juu. Jina la akaunti andika kifupi unachokielewa wewe, na nenosiri usiliandike kwenye karatasi hiyo. Namba ya akiba bila nenosiri haimfungulii mtu mlango.

Karatasi ikae wapi? Popote pasipo na simu. Usiiweke kwenye pochi, maana anayekwapua pochi huchukua simu, kitambulisho na karatasi kwa mpigo mmoja. Nakala moja ikae nyumbani pamoja na vyeti vya kuzaliwa na hati nyingine. Ya pili, kama una mtu, ikae kwake ndani ya bahasha. Nakala zote mbili zina namba zilezile, kwa hiyo ukitumia ya kwanza kutoka nakala moja, kumbuka kwamba kwenye ile nyingine nayo imekufa.

Mfano: mwenye duka wa Morogoro mwenye simu moja

Tuseme kuna mama mwenye duka la vitambaa Morogoro. Ana simu moja, laini moja na akaunti moja ya Gmail yenye picha za bidhaa na orodha ya wateja. Kabla ya kuwasha anachora mistari kwenye daftari. Upande mmoja anaandika kila njia, upande wa pili anaandika itakuwaje simu ikiibiwa.

Google prompt: inaondoka na simu. Meseji: inaondoka na laini, hadi akairejeshe. Kurejesha laini Tanzania kunataka kitambulisho cha taifa na alama za vidole, na ikiwa ni Jumamosi jioni, itasubiri. Authenticator: inaondoka na simu. Passkey: inaondoka na simu. Barua pepe ya kurejesha: ni anwani yake ya pili, nenosiri limehifadhiwa kwenye simu ileile. Inaondoka.

Ukurasa ulimwonyesha njia nyingi zenye alama ya kijani, lakini daftari linaonyesha kitu kimoja tu, simu yake, kilichoandikwa mara tano. Anabadilisha barua pepe ya kurejesha kuwa ya mwanawe anayesoma Dodoma. Anaondoa simu ya zamani kwenye orodha ya vifaa. Anaweka namba ya siri kwenye laini. Baada ya wiki moja anakaa mezani na daftari, anasajili Authenticator, anawasha hatua mbili, anatoa namba za akiba na kuziandika mara mbili.

Halafu anafanya jaribio, na hili wengi huliruka. Simu yake anaiacha ikiwa bado imeingia kwenye akaunti, ili kukitokea tatizo aweze kurekebisha. Anachukua kompyuta ya jirani, anafungua dirisha la faragha, anaandika anwani na nenosiri. Google wanapotuma swali kwenye simu, halijibu. Anabonyeza "Try another way", anachagua "Enter one of your 8-digit backup codes", anaandika namba ya kwanza kwenye karatasi. Mahali palipoandikwa "Don't ask again on this device" anahakikisha hapajawekwa tiki, kwa sababu kompyuta si yake na alama hiyo ingeifanya isiulizwe tena hatua ya pili. Akaunti inafunguka. Anatoka, anafunga dirisha, anakata namba ile kwa kalamu kwenye nakala zote mbili. Zimebaki 9, na sasa ana hakika kwamba mwandiko wake unasomeka na karatasi inafanya kazi.

Kama namba ingekataliwa, sababu ni chache: ameiandika vibaya, imeshatumika, au ametoa seti mpya baada ya kuandika. Angerudi kwenye simu, akatoa seti mpya na kuandika upya.

Simu ikipotea kweli

Huyu mama akiibiwa, mpangilio wa kufuata ni huu. Kwanza anapiga mtandao wake wa simu laini ifungwe, kwa kutumia simu ya mtu yeyote, kwa sababu meseji za benki na pesa za simu ziko humo. Kisha anaingia kwenye akaunti kwa namba ya akiba kama alivyojaribu, kwenye kifaa cha mtu anayemwamini. Akiwa ndani, anakwenda "Your devices" na kuiondoa simu iliyoibiwa, anabadilisha nenosiri, anaondoa Authenticator ya zamani. Mwisho anatoa seti mpya ya namba za akiba na kuziandika hapo hapo, kwa kuwa hajui kama nakala yoyote ilionekana.

Asiye na namba za akiba hubaki na ukurasa wa kurejesha akaunti, `g.co/recover`, anakojibu maswali. Ajaribu akiwa mahali alipozoea kuingilia na kwa kifaa alichowahi kukitumia, maana hayo husaidia kuaminika. Mwenye hatua mbili anaweza kuambiwa asubiri siku 3 hadi 5 za kazi ili Google wahakikishe, na jibu linaweza kuwa hapana. Hapo ndipo matapeli hujitokeza wakijiita wahudumu wa Google, wakiomba namba iliyoingia kwenye meseji au moja ya zile za akiba zenye tarakimu 8. Google hawampigii mtu kumwomba namba hizo. Anayeomba ana nenosiri lako tayari, au anakaribia kulipata, na amebakiza hatua hiyo moja.

Ukinunua simu mpya bila kuibiwa, usifute ya zamani siku hiyohiyo. Ingia kwanza kwenye mpya, hamishia Authenticator, rudi kwenye "2-Step Verification" uone kwamba kila njia inataja simu mpya, tazama namba za akiba zimebaki ngapi. Zikiwa chini ya tatu, toa mpya na uchane karatasi ya zamani. Baada ya hapo ndipo ufute simu ya zamani na kumpa mdogo wako.